Multimita ilisoma volti 13 tu: hatari ya siti iliyoachwa wazi iko wapi?

*Shikamoo fundi. Mimi ni fundi umeme kwenye kiwanda cha kukamua mafuta ya alizeti. Paneli yetu kuu ina zile siti za pete, yaani transfoma za kupimia mkondo, 400/5. Wiki iliyopita amita ya fezi moja ilikufa, nikafungua nyaya zake kwenye terminali za siti, S1 na S2, wakati mzigo uko kama ampea 300. Ilitoa cheche na mlio kama wa nyuki. Nilishaambiwa siti ikiachwa wazi inaua, kwa hiyo nikaweka multimita: volti 13 tu. Sasa hatari iko wapi? Au ni maneno ya kutishana?*

Marahaba mdogo wangu. Nashukuru kwamba swali hili umeliandika wewe mwenyewe, hatukusimuliwa na mtu mwingine kwa niaba yako. Hiyo 13 usiitupe. Ni namba ya kweli, na inaweza kuhesabiwa kutoka kwenye chuma cha siti yako. Tukishaihesabu utaona kilichokuwa kinakusubiri kwenye zile skrubu mbili.

Tuanze na tabia inayoitofautisha siti na transfoma nyingine unazozijua. Transfoma ya kawaida unaipa volti, na mkondo unaoingia unategemea mzigo uliofunga upande wa pili. Ukiondoa mzigo, mkondo unashuka karibu na sifuri na transfoma inakaa kimya. Siti imefungwa kinyume cha hapo. Koili yake ya msingi ni ile baa ya shaba inayopita katikati ya pete, yaani mzunguko mmoja tu, na ampea 300 zilizomo zinaamuliwa na mota zako za kukamulia. Ufunge amita, ufungue amita, mota hazina habari. Ampea 300 zitaendelea kupita pale katikati, na chuma cha pete lazima kikabiliane nazo kwa namna moja au nyingine.

Wakati amita ipo, zinakabiliwa hivi. Siti ya 400/5, yaani inayogeuza ampea 400 za baa kuwa ampea 5, ina mizunguko 80 upande wa upili. Baa inasukuma usumaku kwa nguvu ya ampea 300 mara mzunguko 1, yaani 300. Koili ya upili inajibu kwa ampea 3.75 mara mizunguko 80, nayo ni 300, ila inasukuma upande wa pili. Umewahi kuona mashindano ya kuvuta kamba ambapo timu mbili zinatoshana nguvu: watu wanatoka jasho, mishipa imewatoka, lakini kitambaa cha katikati kinacheza vidole viwili tu. Usumaku ndani ya chuma ndicho hicho kitambaa. Kinachobaki baada ya pande mbili kukatana ni kidogo sana, pengine 2 au 3 kati ya zile 300, na hicho ndicho kinachotengeneza usumaku wa kutosha kusukuma mkondo kwenye amita.

Nichukue vipimo vya pete ya kawaida ya ukubwa huo ili tupige hesabu: chuma cha silikoni chenye mkato wa sentimita za mraba 4, na njia ya kuzunguka pete nzima ya sentimita 31 hivi. Amita, nyaya zake na ukinzani wa koili yenyewe vinahitaji kama volti 1.5. Ili mizunguko 80 itoe volti hizo kwenye hezi 50, chuma kinahitaji usumaku wa tesla 0.2 tu. Chuma cha aina hiyo hushiba kwenye tesla 1.8 hivi. Kwa hiyo siti ikiwa kazini inatumia sehemu ndogo sana ya uwezo wa chuma chake, na imetengenezwa hivyo makusudi, maana hapo ndipo inapopima kwa usahihi.

Wewe ulipofungua S1 na S2, timu moja iliachia kamba.

Zile ampea-mizunguko 300 sasa hazina wa kuzipinga. Zote zimegeuka kuwa nguvu ya kutia chuma usumaku. Tena 300 ni kipimo cha nguvu halisi ya mkondo wa kupishana. Kileleni mwa wimbi zinafika 424. Chuma chako kinahitaji kama 16 tu kukaribia kushiba. Kwa hiyo karibu muda wote wa wimbi chuma kimeshiba kabisa, kwanza upande mmoja, kisha upande wa pili. Hapo ndipo siri yote ilipo. Chuma kikishashiba, usumaku hauongezeki tena kwa kiasi cha maana, na usumaku usiobadilika hauzalishi volti. Volti inatoka tu wakati usumaku unageuka, na unageuka pale mkondo wa baa unapopita kwenye sifuri. Mara 100 kwa sekunde, usumaku unaruka kutoka kushiba kwa upande huu hadi kushiba kwa upande ule, halafu unatulia.

Ukichora volti hiyo kwenye osiloskopu huoni wimbi la mviringo. Unaona mstari uliolala, kisha mwiba, mstari, kisha mwiba wa kuelekea chini. Urefu wa mwiba unategemea kuruka kunachukua muda gani, lakini *eneo* lake, yaani volti mara muda, halibadiliki. Eneo hilo linaamuliwa na chuma na idadi ya mizunguko peke yake:

```
80 × 2 × 1.8 × 0.0004 = 0.115 volti-sekunde
```

Hiyo 2 ni kwa sababu usumaku unatoka kushiba huku hadi kushiba kule. Sasa irudie multimita yako. Mita nyingi za bei ya kawaida hazipimi nguvu halisi ya wimbi. Zinachukua wastani wa volti, zinauzidisha kwa 1.11, basi, kwa imani kwamba wimbi lililo mbele yao ni la kawaida la umeme wa majumbani. Nusu wimbi ni milisekunde 10. Sambaza 0.115 kwenye milisekunde 10 unapata wastani wa volti 11.5. Zidisha kwa 1.11: 12.8. Hiyo ndiyo 13 yako. Mita ilichukua mwiba, ikausaga na kuupaka kama siagi kwenye nusu wimbi nzima, ikakusomea unene wa siagi.

Urefu wa mwiba wenyewe je? Karibu na sifuri, mkondo wako wa ampea 300 unapanda kwa kasi ya ampea 133 kila milisekunde. Kutoka −16 hadi +16 ni kama robo ya milisekunde. Kama chuma kingekuwa na utii kiasi hicho, mwiba ungezidi volti 400. Lakini kuna kitu kinachouchelewesha. Pete ya siti imefungwa kwa utepe wa chuma chembamba, kama milimita 0.3, na usumaku unapobadilika ghafla, ndani ya utepe huo huzuka mikondo midogo ya kujizungusha inayopinga mabadiliko. Usumaku unageuka kuanzia ngozi ya utepe na kuingia ndani taratibu. Nikiijumuisha mikondo hiyo, kwa hesabu yangu kuruka kunachukua kama milisekunde 0.6. Gawanya 0.115 kwa 0.0006 unapata karibu volti 190.

Kwa hiyo mita ilisema 13 na vidole vyako vilikuwa karibu na miiba ya volti kama 200. Hata mita ile ya gharama, inayopima nguvu halisi ya wimbi lolote, ingekusomea kama 46, tena kama ingeweza kuufuata mwiba mwembamba hivyo bila kubabaika. Kipimo pekee ambacho ningekiamini hapo ni osiloskopu yenye probu ya volti kubwa, na hata hiyo ningeifunga kabla paneli haijawashwa.

Najua utasema: volti 200 mbona tunazigusa kwa bahati mbaya kila mwezi. Ngoja. Siti yako ilikuwa mpole kwa sababu tatu, na hakuna hata moja uliyoichagua.

Ya kwanza ni ile 5. Siti ya 400/1 yenye chuma kilekile ina mizunguko 400 badala ya 80. Kila kitu kingine kikibaki vilevile, mwiba unakuwa mara tano: volti 950. Mafundi wengi hudhani siti ya ampea 1 ni salama zaidi kwa sababu mkondo wake ni mdogo. Ikiwa wazi, ni kinyume kabisa. Ya pili ni ukubwa wa chuma. Siti za ulinzi kwenye vituo vya kupozea umeme zina mizunguko elfu na zaidi, na vyuma vinene mara kadhaa, kwa makusudi, ili zisishibe wakati wa shoti. Hizo zikiachwa wazi zinafika maelfu ya volti bila shida. Kanuni ya kimataifa ya siti, IEC 61869-2, inamtaka mtengenezaji aiache siti wazi kwa dakika moja huku akipitisha mkondo wake kamili, na aupunguze mkondo huo iwapo kilele cha volti kitafika 4,500 kabla mkondo haujatimia. Namba hiyo 4,500 haikuwekwa kwa mapambo. Zipo siti ambazo zingeivuka.

Ya tatu ndiyo inayonitisha zaidi: mkondo wa baa ulikuwa ampea 300. Mkondo ukikua, unavuka sifuri kwa kasi zaidi, na mwiba unakuwa mwembamba na mrefu zaidi. Tuseme mota moja ingepiga shoti ukiwa umeshika zile nyaya, na ampea 10,000 zikapita kwenye baa kwa muda mfupi kabla breka haijakata. Mwiba wa siti yako ndogo ungepanda mara tano na zaidi, kuvuka volti 1,000. Siti iliyoachwa wazi inaweza kukaa kimya miezi, ikangoja siku ya hitilafu ndipo ipasue insulesheni yake.

Kuna swali dogo ambalo vijana hunibana nalo: volti hizo zote zinatoka wapi, nani anazilipa? Baa inazilipa. Mwiba wa volti 190 kwenye mizunguko 80 unaonekana kwenye baa kama volti 2.4 tu. Kwenye laini ya volti 230 nani atazihisi? Ndiyo maana mkondo wa mota haukutetereka, na ndiyo maana hakuna kitu cha kuukomesha mwiba. Mtandao mzima upo nyuma yake ukisukuma.

Ile cheche nayo ina maelezo hayohayo. Ulipolegeza skrubu, mkondo wa ampea 3.75 ulikuwa bado unataka kupita, na siti iko tayari kupandisha volti kadiri inavyohitajika ili upite. Pengo likiwa dogo, unaruka hewani. Mimi niliwahi kufanya kosa lako kwenye siti ya ampea 1, zamani, nikiwa kijana wa kubeba begi la vifaa. Nililegeza skrubu ya terminali nikidhani ni ya waya wa kengele. Ilinguruma, ikatoa moto wa bluu usiokatika, na nilipoikaza tena kwa pupa, bisibisi yangu ikabaki na kovu. Terminali ilikuwa nyeusi. Weusi ule ni kaboni, nao unapitisha umeme, kwa hiyo hata waya ukirudishwa kipimo hakiaminiki tena hadi terminali ibadilishwe. Mkubwa wangu hakunipiga, alinitazama tu. Bora angenipiga.

Sasa tuje kwenye kilichotokea ndani ya chuma wakati wewe unasoma mita. Ile mikondo midogo iliyouchelewesha mwiba haikufanya kazi ya bure, ilikuwa inapasha chuma moto. Kwa pete yetu, yenye kilo moja ya chuma hivi, napata kama wati 6, wakati ikiwa kazini inapoteza chini ya sehemu ya kumi ya wati moja. Wati 6 ndani ya plastiki iliyofungwa haziwashi moto kwa dakika tano, lakini ikiachwa hivyo wiki nzima, koili inaoka taratibu. Ukiweka mkono juu ya siti tatu za paneli moja, mzigo ukiwa sawa, na moja ina joto kuliko wenzake, usianze kutafuta mchawi. Kwenye siti kubwa joto hilo ni kali zaidi, na harufu ya vanishi inayoungua huwa ndiyo taarifa ya kwanza.

Madhara ya pili hayana harufu wala joto. Ulipourudisha waya, mkondo wa upili ulianza kupinga tena, na usumaku ukatulia ghafla popote ulipokuwa. Inawezekana kabisa chuma chako sasa kina usumaku uliobaki, kimeegemea upande mmoja, na kwa chuma cha pete kisicho na mwanya wa hewa mabaki hayo yanaweza kufika sehemu kubwa ya tesla 1.8. Utadhani siku mbili tatu za kazi zitayafuta. Hazitayafuta. Kazi ya kawaida inatikisa tesla 0.2 tu huku na huku. Ni kama kumtikisa mlevi aliyeegemea ukuta, anacheza lakini haondoki ukutani. Siti ya namna hiyo inahitaji mkondo mkubwa zaidi kutia chuma usumaku, kwa hiyo inasoma pungufu kidogo na pembe yake inateleza. Kama ni ya mita ya kuuzia umeme, mtu analipia isivyo haki. Kama ni ya ulinzi, inashiba mapema siku ya shoti na relei inachelewa kuona.

Kuusafisha si kazi ngumu, ila paneli izimwe kwanza na uhakikishe baa haina mkondo. Tenganisha nyaya za amita. Chukua variaki, ile transfoma ya kuzungusha kwa mkono, ikiwa imelishwa kupitia transfoma ndogo ya kutenganisha, na uweke amita kwenye njia. Peleka volti kwenye S1 na S2, ukipandisha polepole. Mkondo utakuwa mdogo mno, kisha mahali fulani, kwa pete yetu karibu na volti 12 au 13, utaanza kupanda kwa haraka kuliko volti. Hapo chuma kinagonga kushiba. (Unaona 13 imerudi? Chuma ni kilekile.) Usiendelee kupandisha. Anza kushusha, pole pole, bila kusimama wala kukata, hadi sifuri kabisa. Kushusha huko kuchukue nusu dakika. Ukikata katikati umeacha mabaki mapya. Andika volti na mkondo wa pale kona ilipoanzia, kisha rudia kwa siti za fezi nyingine mbili. Zikilingana, koili yako haikuumia. Ile yako ikionyesha mkondo mkubwa zaidi kwa volti ileile, kuna mizunguko iliyoshikana ndani. Hiyo itoe, usibishane nayo.

Kuhusu kubadilisha amita siku nyingine mzigo ukiwa kazini: inawezekana, ikiwa paneli ina terminali za kupimia zenye kiungo cha kushoti. Unafunga kiungo kati ya S1 na S2 *kabla* ya kugusa amita. Siti haiogopi kushotiwa, hiyo ndiyo hali inayoipenda, timu mbili zinavutana kama kawaida. Kisha weka klampu mita kwenye kiungo na kwenye waya wa amita. Ukiona mkondo umehamia kwenye kiungo na amita imebaki na karibu sifuri, fungua amita. Ukimaliza, funga amita kwanza, thibitisha, ndipo uondoe kiungo. Wengi hukosea kwenye kurudi, wanaondoa kiungo kwanza kwa haraka ya kwenda kula. Kama paneli haina terminali hizo, zima. Na ukiikuta siti ambayo tayari iko wazi na inanguruma, usijaribu kuiziba kwa waya mkononi. Punguza mzigo, kata breka, ndipo uisogelee. Fyuzi kwenye nyaya za siti usiweke kamwe: ikiungua, imefanya ulichofanya wewe, bila mtu kujua.

Jambo moja la mwisho, kwa sababu nimeona watu waliosoma wakikosea hapa. Siti isiyotumika ishotiwe, sawa. Lakini ukikuta siti yenye koili moja na matoleo matatu, S1, S2 na S3, na amita imefungwa S1 na S2, ile S3 iache wazi na uifunike. Ukishoti S2 na S3 umeifunga sehemu ya koili ileile, itavuta mkondo wake na amita itasoma uongo. Kinyume chake, siti yenye vyuma viwili tofauti kwenye mwili mmoja, alama zake 1S1, 1S2 na 2S1, 2S2, kila chuma kinahesabiwa peke yake, na kile kisicho na kazi lazima kiwe na shoti yake. Soma kibao kilichobandikwa ubavuni kabla hujakata kipande cha waya.

Ukimaliza kusafisha usumaku na paneli ikawashwa, weka klampu mita kwenye kebo ya fezi ile na ulinganishe na amita mpya, mzigo ukiwa juu na tena ukiwa kama ampea 40. Kosa la mabaki ya usumaku hujitokeza zaidi kwenye mkondo mdogo. Niandikie ulichopata.